Mlinituma Karatasi, Nimerudi na Mdomo

Wasee, wacha niwaambie kuhusu siku nilisimama mbele ya kijiji kizima, kofia mkononi, magoti yakitetemeka, nikisifu mzee ambaye nina deni lake. Deni la ukweli. Limeandikwa kwenye daftari lake, kwa kalamu ya wino wa bluu, na jina langu liko juu ya ukurasa.

Mnajua mimi niliacha chuo. Nimeshaongea hiyo stori hapa mara kadhaa, kila mara nikiifanya ikae ya kuchekesha. Kitu sijawahi kusema ni nani walinipeleka huko. Mwaka wa 2020, baada ya matokeo yangu ya kidato cha nne, ushago kwetu Alego, kaunti ya Siaya, walifanya harambee. Watu 73 walichanga. Jumla ilikuwa shilingi 64,350, pamoja na kuku watatu waliouzwa papo hapo. Aliyeandika majina yote ni jaduong' gweng', yaani mzee wa kijiji. Nikaenda chuo, nikasoma hadi mwaka wa pili, nikaacha. Sikurudi ushago kwa karibu miaka miwili.

Halafu Desemba iliyopita dani akanipigia simu. Dani ni nyanya yangu. Akasema Jaduong' anapumzika, amefanya kazi ya mzee wa kijiji miaka 31, bila mshahara, na tarehe 27 watu wakiwa bado nyumbani kwa sikukuu watamfanyia sherehe. Kutakuwa na jathum wa nyatiti. Na watoto wa mjini wameombwa walete kitu. Binamu yangu analeta hema na viti. Mwingine analeta mchele. "Wewe, nyakwara, si kazi yako ni kuongea? Utamsifu."

Nikasema poa. Kwa simu ni rahisi kusema poa.

Simba, tai na ndovu

Niliandika shairi la kwanza nikiwa ndani ya basi kutoka Nairobi. Tulipofika Nakuru nilikuwa na mistari ishirini. Jaduong' alikuwa simba wa nyika, tai wa mawingu, ndovu asiyetikisika, jua la kijiji, nguzo ya jamii. Nilijiona nimeua. Wale mlisoma fasihi simulizi mnakumbuka orodha: majigambo ni mtu kujisifu mwenyewe, tondozi ni kusifu mtu mwingine au kitu, na sifa za tungo hizi ni sitiari, chuku na takriri. Mimi nilikuwa nimetia sitiari kila mahali, chuku mpaka inamwagika.

Usiku huo nikamsomea dani jikoni. Alikuwa anachagua omena kwenye ungo, anatoa vijiwe. Nikamaliza. Akaendelea kuchagua. Halafu akauliza, "Huyo ni nani?"

"Si Jaduong'."

"Kuna ndovu amewahi kukuja hapa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia hilo shairi naweza kulichukua nikalisome kwa chifu, kwa mbunge, kwa bwana harusi yeyote wa Kisumu, na kila mmoja atapiga makofi. Na kwa sababu linamtosha kila mtu, halimhusu mtu.

Hapo ndio nilianza kuelewa kitu ambacho mwalimu hakuwa amenieleza, ama labda alieleza na mimi nilikuwa nalala. Jina la sifa halianzi na mnyama, linaanza na kisa. Watu waliokaa chini ya hema wanakijua kisa hicho, wengine walikuwepo. Ukitamka lile jina, kisa chote kinafunguka vichwani mwao bila wewe kukisimulia. Ndio maana mstari wa sifa unaweza kuwa maneno manne tu na ukafanya mtu mzima afute macho. Simba anaweza kuingia pia, lakini awe amefanya kitu. Ukisema simba na hakuna mtu hapo anakumbuka siku ya simba, umepiga kelele tu.

Nikafuta yote ishirini. Dani akaniongezea chai na akasema, "Sasa niulize."

Kukusanya majina

Tulikuwa na siku nne. Nilizitumia kutembea boma kwa boma na swali moja: kitu gani Jaduong' alifanya na wewe ulikiona? Sikuuliza kama ni mtu mzuri, kwa sababu hilo swali hujibiwa na "alikuwa mtu wa watu," ile lugha ya matanga. Niliuliza kitu kilichoonekana.

Cha kwanza kilichorudi kutoka kila boma kilikuwa kamba. Jaduong' ana kamba ya katani yenye mafundo, anaitumia kupima mipaka ndugu wakigombana shamba. Ukiona ua wa ojuok, ule mmea wenye maziwa meupe unaochoma macho, kuna nafasi kubwa kamba yake ilipita hapo kwanza. Mama mmoja aliyeolewa kutoka Busia aliniambia mume wake alipofariki shemeji zake walitaka kusogeza mpaka. Jaduong' alikuja na kamba, na hao shemeji ni watoto wa kakake. Akapima. Mpaka ukabaki ulipokuwa. Nikamuuliza huyo mama alisema nini siku hiyo. Akajibu, "Hakusema. Kamba yake haina jamaa."

Hilo ni jina la sifa, wasee. Limekuja likiwa limeiva, na mimi kazi yangu ilikuwa kuliinua tu. Nikaandika: kamba isiyo na mjomba, kamba isiyo na shangazi, kamba isiyo na shemeji.

Cha pili kilikuwa baiskeli. Kila mtu alijua kwamba zamani, kabla boda boda hazijajaa, Jaduong' alimbeba mama aliyeshikwa na uchungu usiku kwa Blaki Mamba yake hadi zahanati, kama kilomita tisa, kwa mvua. Nikaandika haraka: aliyeendesha kwa kasi ya upepo, aliyeruka mto kama swara. Dani akasikia akatikisa kichwa. "Hakuendesha. Mnyororo ulikatika kabla ya mto. Alisukuma."

Nikamwambia si ni sawa tu, ni chuku, inakubalika. Akaniuliza, "Huyo mama atakuwa amekaa pale. Utamwambia alipita mto akiruka?"

Na hapa kuna tofauti nataka muishike. Chuku inaruhusiwa kukuza ukubwa wa kitu ambacho kilitokea. Haiwezi kubadilisha kilichotokea, kwa sababu mashahidi wako hai na wanakunywa soda mbele yako. Ukidanganya kwenye mstari mmoja, wanaacha kuamini ile mingine, na utaona: watu wanaangaliana pembeni, wazee wanaanza kusafisha koo. Ajabu ni kwamba ukweli ulinipa mstari bora kuliko swara. *Mnyororo ulikatika, yeye hakukatika.* Hiyo singeitunga hata nikikaa mwaka mzima. Ilikuwa imelala ndani ya kisa, ikingoja nisidanganye.

Cha tatu kilikuwa daftari. Hicho sikuhitaji kuuliza mtu.

Kupanga pumzi

Nitatumia dakika moja kueleza namna ya kuunga, kwa sababu wengi wenu huwa mnaniuliza kuhusu kutunga.

Nilichagua Kiswahili. Kijaluo changu ni cha kuagiza chakula na kusalimia, na chini ya hema kungekuwa na wake walioolewa kutoka Busia na Kakamega na watoto waliozaliwa Mombasa. Enyewe Kiswahili kinafaa kwa hii kazi. Kina "mwenye," kina "mwana wa," kina "asiye" na "isiyo." Ukishika kimoja cha hivyo unaweza kupanga majina kama vikombe juu ya rafu. Lakini maneno mawili matatu niliyaacha vile yalivyo, kama dala, ambayo ni boma. Kwetu mtu akianzisha boma jipya anasemwa "amepiga dala."

Kila mstari nilipima kwa pumzi moja ya kawaida. Kama nahitaji kuvuta hewa katikati, ni mrefu, naukata mara mbili. Halafu rudia. Nilikuwa nafikiri takriri ni pambo. Dani alinielezea kazi yake nikipika ugali: ukisema kitu mara ya kwanza, watu wa mbele ndio wanasikia. Mara ya pili wale wa nyuma wanasikia. Mara ya tatu wote wanakungoja pamoja, na hapo ndio unaweka kile kizito. Na wewe mwenyewe, ulimi ukirudia, kichwa kinapata nafasi ya kutafuta mstari unaofuata. Kumbukeni hiyo, itarudi.

Pia nikaweka mwitikio. Mimi ningeuliza "Nani huyo?" na watu wangejibu "Jaduong'!" Mwanzoni nilikuwa nimewatungia jibu la maneno saba. Dani akasema watu wamekula nyama, hawatasoma mtihani. Mwitikio uwe neno ambalo tayari liko mdomoni mwao. Na ni heshima pia. Mzee wa rika lake humuiti kwa jina lake tupu mbele za watu. Unasema Jaduong', ama unamwita kwa babake, ama kwa sifa yake.

Kilichobaki ni simu. Nilifanya mazoezi nikisoma kwa simu, na mwanga wa skrini ukanipiga usoni. Dani akauliza, "Unaongea na simu ama na Jaduong'?" Nikaizima. Nikagawanya shairi sehemu tano, nikashikilia kila sehemu kwenye kidole: ukoo, kamba, baiskeli, daftari, na kidole gumba, ambacho bado kilikuwa hakina kitu.

Kidole gumba

Hapa ndio kulikuwa na noma.

Dani alisikiliza sehemu zote nne akaridhika. Halafu akasema, "Na wewe ni nani?"

Nikamwambia hili shairi ni la Jaduong', si langu. Akaniambia sifa isiyo na msemaji ni kama pesa imeingia kwa simu na haina jina, mtu anaanza kuogopa kuigusa. Kwetu, nyatiti ikipigwa, mtu huinuka akasimamisha muziki, anatoa pesa kwa jathum, halafu anajisifu: yeye ni nani, ni wa nani, anatoka wapi, marafiki zake ni akina nani. Hiyo inaitwa pakruok. Humo ndani kusifu wengine na kujitaja ni kitu kimoja. Ile mipaka tuliyochora kwenye daftari za shule, majigambo huku na tondozi kule, haipo. Unamsifu mtu kutoka mahali umesimama, kwa hivyo lazima watu waone umesimama wapi.

Na mimi nilikuwa nimesimama wapi? Niko kwenye ukurasa wa daftari lake. Watu 73 walitoa, wengine shilingi ishirini. Kama nitasifu daftari na niruke jina langu, kila mtu ataona nimeliruka. Itakuwa swara akiruka mto tena.

Sikulala vizuri. Nilifikiria kusema nimeahirisha masomo. Ni uongo unaofanana na ukweli. Nilifikiria kusingizia karo, na kweli karo ilikuwa shida, lakini si yote. Ukweli ni kwamba nilianza kupata doh kidogo na video, nikakosa darasa moja, nikakosa jingine, na siku moja nikagundua sijui hata tuko mada gani. Aibu ndiyo ilimaliza kazi. Sikuwa na uso wa kurudi darasani wala ushago.

Asubuhi ya tarehe 27 nilikuwa na mistari mitano ya kidole gumba. Sikumsomea dani.

Chini ya hema

Jathum alikuwa mzee mwembamba mwenye koti kubwa. Alikaa kwenye kigoda chake kifupi, nyatiti imelala mbele yake, nyuzi zake nane. Kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kulia ana pete ya chuma, oduong'o, anagonga nayo ule mti wa nyatiti, na njuga za gara zinalia mguuni. Mtu mmoja, ala tatu. Kabla nianze nilimwendea kwa heshima nikamuuliza kama atanishikia mdundo. Akasema, "Omera, wewe ongea. Ukipotea nitakungoja."

Nikavua kofia. Nikasalimia wazee kwanza, halafu akina mama, halafu watoto. Jaduong' alikuwa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa leso, mkongojo katikati ya magoti, anaangalia chini. Nikaanza.

*Nani huyo? Jaduong'!*
*Nani huyo? Jaduong'!*

*Mwana wa mfua majembe,*
*mjukuu wa aliyepiga dala juu ya mawe,*
*mawe yakawa shamba, shamba likawa watu.*
*Nani huyo? Jaduong'!*

*Mwenye kamba ya katani,*
*kamba isiyo na mjomba,*
*kamba isiyo na shangazi,*
*kamba isiyo na shemeji.*
*Ikifika kwa tajiri, inapita.*
*Ikifika kwa ndugu yake, inapita.*
*Ikifika kwake mwenyewe, inapita.*
*Nani huyo? Jaduong'!*

Kwenye "shemeji" akina mama walipiga kigelegele, na nikaona yule mama wa Busia ameangalia pembeni. Nikaingia kwa baiskeli. Na hapo hapo kichwa kikawa cheupe. Mstari wa mnyororo, ule mstari bora kuliko yote, umepotea. Nikasema "baiskeli ya usiku." Hakuna kitu. Nikasema "baiskeli ya mvua." Hakuna. Pete ya jathum inagonga tu, tak, tak, ananingoja. Nikasema "baiskeli ya matope." Hii haikuwa kwenye shairi. Nikasema "baiskeli ya wanawake wetu." Hii pia haikuwa. Na ulimi ukirudia, mnyororo ukarudi.

*Baiskeli ya usiku,*
*baiskeli ya mvua,*
*baiskeli ya matope,*
*baiskeli ya wanawake wetu.*
*Mnyororo ulikatika, yeye hakukatika.*
*Taa ilizimika, yeye hakuzimika.*
*Aliondoka na mtu mmoja,*
*akarudi na watu wawili.*
*Nani huyo?*

Hawakujibu. Kulikuwa na kelele kubwa, kwa sababu msee mmoja amesimama nyuma, mkono juu, anapepea noti ya soo mbili. Akapita katikati ya viti, akaiweka kwa jathum, muziki ukasimama. Akasema, "Mimi ndiye wa pili! Mimi ndiye niliyerudi! Mimi fundi wa pikipiki, sasa nyororo hazikatiki tena Alego!" Hema nzima ikasimama. Mamake alikuwa anacheka na analia. Mimi nilisimama pale kama dakika tatu bila kazi, na sijawahi kufurahi hivyo kukatizwa. Kama ningesema aliruka mto kama swara, huyo jamaa angekuwa amekaa chini.

Dani alikuwa amenionya pia kwamba sifa ya mtu hai lazima iwe na chumvi kidogo, la sivyo inakaa matanga. Hata imbongi, wale waghani wa sifa wa Afrika Kusini ambao dunia iliwaona Mandela akiapishwa tarehe 10 Mei 1994, kazi yao haijawahi kuwa kupaka mafuta tu. Wana ruhusa ya kumchoma mkubwa mbele za watu. Mimi si imbongi, kwa hivyo nilichoma kidogo:

*Mwenye mkutano wa saa nne,*
*unaoanza saa saba,*
*unaoisha kuku wakipanda kulala.*

Walicheka mpaka yeye mwenyewe akainua kichwa. Na akiwa ananiangalia hivyo, macho kwa macho, nikafika kwenye daftari.

*Mwenye daftari jeusi,*
*daftari lisilosahau elfu,*
*daftari lisilosahau ishirini,*
*daftari lisilosahau kuku wa mjane.*

*Mimi ninayesema ni nani?*
*Mjukuu wa muuza omena.*
*Nimo ndani ya daftari, jina langu limo.*
*Mlinituma karatasi, sina karatasi.*
*Mlinituma karatasi, nimerudi na mdomo.*

Sikuuliza tena nani huyo. Sikuweza. Kukawa kimya, ile kimya unasikia mafuta yakikaangwa jikoni. Mzee mmoja akasafisha koo na nikafikiri, hapa nimekwisha.

Jaduong' akasimama polepole kwa mkongojo. Akatafuta mfukoni, akatoa noti ya mia, akampa jathum. Akasema, kwa Kijaluo kwanza halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Huyu mtoto amesahau punda wangu. Nilipima mipaka ishirini juu ya punda yule. Nani atamsifu punda?"

Watu wakaanguka. Jathum akashika nyuzi na akamsifu punda, papo hapo, kwa dakika kumi. Mimi nikaenda kukaa.

Daftari lenyewe

Jioni watu wakiwa wamepungua, mtoto akaja akaniambia naitwa. Jaduong' alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, daftari kwenye goti. Sikujua kama nipige magoti ama nikae. Nikakaa chini. Akafungua ukurasa wangu, akanipa.

"Soma, nyakwara."

Nikasoma jina la kwanza, shilingi mia tano. La pili, mia mbili. Nilipofika la kumi nikanyamaza nikafikiri inatosha. Akasema soma. Nikasoma yote 73. Wengine alikuwa ananikatiza kwa sauti ndogo, "huyo ametutoka," na mimi nasoma anayefuata.

Nilipomaliza akasema, "Mimi nilitoa mia tatu. Niko namba arobaini na moja. Leo umenisifu kana kwamba ni mimi nilikupeleka shule. Hawa wengine sifa zao ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakunigombeza kuhusu chuo. Hakuniambia nirudi na hakuniambia nisirudi. Alifunga daftari na akauliza kama nimekula.

Kwa hivyo sasa nina kazi. Nimeanza kupitia majina, moja moja, na swali lile lile: kitu gani huyu mtu alifanya na wewe ulikiona? Nimefika kumi na moja. Kuna mama aliyetoa kuku, na nilipomfikia nikamwambia nataka kumtungia jina la sifa, alisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa. Halafu akasema jina ni sawa, atalipokea.

"Lakini kuku wangu alikuwa anataga."